Wastani wa jedwali na wastani wa alama zenyewe: tofauti inatoka wapi?

"Nimefuata kanuni hatua kwa hatua, lakini wastani wa jedwali la makundi haulingani na wastani wa alama zenyewe. Nimekosea wapi?"

Huenda hujakosea popote. Tuchukue alama 20 za mtihani, tulizozitunga kwa ajili ya mfano huu, tuzikokotoe kwa njia zote mbili.

31, 35, 38, 40, 40, 42, 45, 45, 48, 50, 50, 50, 52, 55, 55, 58, 60, 62, 65, 72

Ukizijumlisha zilivyo unapata 993, na wastani ni 49.65. Mediani, yaani wastani wa alama ya 10 na ya 11, ni 50. Mkengeuko sanifu, ukigawa kwa 20, ni 10.29. Sasa tuzipange kwa makundi ya kumi kumi.

| Alama | Katikati | Marudio |
|---|---|---|
| 30–39 | 34.5 | 3 |
| 40–49 | 44.5 | 6 |
| 50–59 | 54.5 | 7 |
| 60–69 | 64.5 | 3 |
| 70–79 | 74.5 | 1 |

Zidisha kila katikati kwa marudio yake, jumlisha, upate 1020. Gawa kwa 20: wastani ni 51.0. Kwa mkengeuko sanifu, njia nyepesi ni kuhesabu hatua kutoka 54.5, kila hatua ikiwa alama 10: −2, −1, 0, 1, 2. Jumla ya marudio mara hatua ni −7. Jumla ya marudio mara mraba wa hatua ni 25. Kwa hiyo variansi, kwa kipimo cha hatua, ni 25/20 − (7/20)² = 1.1275. Tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 10, unapata 10.62.

Mediani inahitaji uangalifu zaidi. Nusu ya 20 ni 10. Makundi mawili ya kwanza yana watu 9, hivyo tunaingia kundi la 50–59 tukitafuta mmoja kati ya saba. Mpaka halisi wa chini ni 49.5, wala si 50, kwa sababu alama nzima ya 50 inashika nafasi ya 49.5 hadi 50.5. Basi 49.5 + (1/7) × 10 = 50.93. Wengi huanzia 50 na kupata 51.43. Wengine hutumia 10.5 badala ya 10 na kupata 51.64, kwa mazoea ya kutafuta mtu wa katikati kwenye orodha. Katika jedwali hatumtafuti mtu. Tunakata eneo la histogramu vipande viwili sawa, na nusu ya 20 ni 10.

Wastani umepanda kwa 1.35. Je, hiyo ni hasara ya kawaida? Kila alama nzima iko umbali usiozidi 4.5 kutoka katikati ya kundi lake, kwa hiyo wastani hauwezi kupotoka zaidi ya hapo. Ila alama zikiwa zimetawanyika sawasawa ndani ya makundi, zilizo juu ya katikati hufidia zilizo chini, na kosa la kawaida huwa karibu na upana wa kundi ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 12 × idadi ya watu. Hapa ni 10/√240, yaani 0.65. Kosa letu ni zaidi ya mara mbili ya hilo, na limeegemea upande mmoja. Tazama kundi la 50–59: kanuni inadhani wastani wake ni 54.5, ila saba hao wanajumlisha 370, wastani 52.86. Alama zimerundikana kwenye 50 na 55. Wasahihishaji wengi hupenda alama zinazoishia na 0 au 5, na makundi yetu yanaanzia hapo hapo kwenye rundo.

Ushauri unaotolewa kwa kawaida ni kupunguza upana wa makundi. Tujaribu: 30–34, 35–39, na kuendelea. Jumla inakuwa 1015 na wastani 50.75. Tumeongeza makundi kutoka matano hadi tisa, na kosa limeshuka kutoka 1.35 hadi 1.10 tu. Sasa tubaki na upana huo huo wa tano lakini tusogeze mipaka iwe 28–32, 33–37, 38–42, ili 30, 35, 40 zikae katikati. Jumla ni 990, wastani 49.5, kosa 0.15. Mahali pa kuweka mpaka pamefanya kazi kubwa kuliko wembamba wa kundi. Anayepanga jedwali atazame kwanza tarakimu za mwisho za data yake.

Jambo hili linagusa pia majedwali ya umri, ambako watu hupenda kutaja miaka inayoishia na 0 au 5, huku makundi yakiwa 20–24, 25–29. Umri una mtego mwingine: mtu husema miaka aliyotimiza, hivyo 15–19 inaanzia 15 kamili hadi karibu na 20, na katikati yake ni 17.5. Ukitumia 17, wastani wote unashuka kwa nusu mwaka kamili. Mkengeuko sanifu haubadiliki kabisa, kwa hiyo hautakuonya.

Mkengeuko sanifu nao una tabia yake. Mwanahisabati W. F. Sheppard alionyesha kwamba mtawanyo ukiwa laini, wenye umbo la kengele linaloisha taratibu pande zote mbili, variansi ya jedwali huzidi ile halisi kwa takribani mraba wa upana ukigawanywa kwa 12. Kwetu ni 100/12 = 8.33. Toa kwenye variansi ya jedwali letu, 1.1275 × 100 = 112.75, tafuta kipeuo, unapata 10.22, karibu sana na 10.29. Kwa alama 20 tu, ukaribu huo una bahati ndani yake. Na data ikiwa imetandazwa sawa kisha ikakatika ghafla, jedwali hupunguza variansi badala ya kuiongeza; ukitoa tena 8.33 unaharibu zaidi. Sahihisho hili lisitumike kabla ya kuchora histogramu.

Wapo wanaosema kanuni hizi zimepitwa na wakati, kwa kuwa kompyuta inajumlisha alama elfu mara moja. Kwa aliye na alama zenyewe, nakubaliana nao kabisa: kukokotoa kutoka kwenye makundi ni kujipa kosa la bure. Lakini msomaji wa ripoti hupewa jedwali tu, hana njia nyingine. Pale kundi la mwisho linaposema "80 na zaidi", halina katikati, na wastani unategemea namba utakayoikisia. Mediani haijali, mradi isiangukie humo. Inategemea tu mpangilio wa watu ndani ya kundi moja, ingawa ndani ya kundi hilo inaweza kupotea sana: kwa jedwali letu, mediani ya kweli ingeweza kuwa popote kati ya 50 na 59.

Kwa hiyo 50.93 iandikwe 51, na kando yake iandikwe kwamba imetoka kwenye makundi ya upana wa 10. Ile .93 imetokana na dhana kwamba watu saba wamejipanga kwa nafasi sawa, na tumeona watatu kati yao wote wana 50.