Msimamizi wa dawa za TB: aulize kwanza, ndipo atoe vidonge

Wanaopinga usimamizi wa kila siku wa dawa za kifua kikuu wana hoja nzito. Tafiti zilizowalinganisha wagonjwa wanaomeza dawa mbele ya msimamizi na wanaojimezea wenyewe hazijaonyesha tofauti ya wazi katika kupona. Kwa nini basi mtu mzima aangaliwe mdomoni miezi 6, na majirani wajue anaumwa nini? Pale mgonjwa anapolazimishwa kwenda kituoni kila asubuhi, hoja yao siipingi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza usimamizi ufanyike nyumbani au kwenye jamii badala ya kituoni.

Tatizo ni kwamba mjadala huu unapima jambo moja tu, kama kidonge kimemezwa. Kati ya tarehe moja ya kliniki na nyingine, msimamizi huyu wa kujitolea ndiye anayemwona mgonjwa kila siku akiwa na macho yaliyofundishwa cha kutafuta. Ndugu wa nyumbani wanamwona pia, ila wao hawajui mkojo wa rangi gani ni wa kawaida na upi ni wa hatari.

Chukua mgonjwa wa kilo 52. Katika miezi 2 ya kwanza anameza vidonge 3 kwa siku, kila kimoja kikiwa na dawa nne ndani yake: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Siku ya kwanza tu mkojo wake utakuwa wa rangi ya chungwa. Hiyo ni rifampisini, haina madhara, na asipoambiwa mapema anaweza kuogopa akaacha dawa. Wiki ya tatu anasema chakula hakimpendezi na kichefuchefu kinamsumbua. Hapo msimamizi hatakiwi kukimbilia kumwambia avumilie. Kama kichefuchefu huja baada ya dawa kisha kikapita, ni maudhi madogo: dawa inaweza kumezwa na chakula kidogo au kabla ya kulala. Akitapika ndani ya nusu saa, dozi hurudiwa.

Kichefuchefu kikidumu kutwa nzima, huenda dawa zinaumiza ini, kwa hiyo msimamizi anauliza kuhusu mkojo. Ule wa rifampisini hukolea saa chache baada ya dozi, kisha hupungua rangi kadiri siku inavyokwenda. Mkojo wa ini lililoumia ni wa kahawia kama chai ya rangi, na hubaki hivyo hata asubuhi kabla ya dawa. Kisha anamtoa mgonjwa nje penye mwanga wa jua na kuangalia weupe wa macho, kwa sababu taa ya ndani huficha umanjano. Macho yakiwa ya manjano, dozi ya siku hiyo haitolewi hata kidonge kimoja, na mgonjwa anapelekwa kituoni siku hiyo hiyo na kadi yake.

Ndiyo maana mpangilio wa ziara ni jambo kubwa kuliko inavyodhaniwa. Msimamizi anayetoa vidonge kwanza, akaweka alama kwenye kadi, ndipo akauliza hali, anaweza kumwongezea sumu mtu ambaye ini lake tayari linashindwa. Katika hali hiyo usimamizi unadhuru kuliko kutokuwepo kabisa, na wakosoaji wangefanya vizuri kulishikilia hili kuliko suala la heshima. Lakini dawa yake ni mafunzo, wala si kumwondoa msimamizi. Kituoni ini litapimwa, dawa zitasimamishwa, na likitulia zitarudishwa moja baada ya nyingine, mara nyingi bila pirazinamidi. Matibabu yatarefuka, lakini mgonjwa atakuwa hai.

Maudhi mengine hayahitaji kusimamisha chochote. Viungo vikiuma, kwa kawaida ni pirazinamidi, na dawa ya maumivu kutoka kituoni husaidia. Nyayo zikiwaka moto au kufa ganzi, ni isoniazidi, na kituo humpa mgonjwa vitamini B6. Kuona ukungu au kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani ni jambo jingine kabisa: hiyo ni ethambutoli, na ni safari ya kituoni siku hiyo hiyo.

Kuhusu kumeza mbele ya kamera ya simu, njia ambayo Shirika la Afya Duniani pia linaikubali, naona inafaa kuthibitisha dozi. Umanjano wa macho kwenye video iliyopigwa usiku siiamini.

Ini huumia zaidi katika miezi 2 ya mwanzo, wakati pirazinamidi bado ipo. Ningebana ziara za kila siku katika kipindi hicho. Miezi 4 inayobaki ni ya rifampisini na isoniazidi pekee, na mgonjwa ambaye makohozi yake yamekuwa safi na hana malalamiko anaweza kuachiwa vidonge 21 vya wiki, msimamizi akirudi siku ya saba kuhesabu vilivyobaki na kumtazama macho.