Seva yangu iliuawa na ndugu yake, na mimi nilikuwa nachaji simu

Basi bwana, kazini umeme ulikuwa unakatika hovyo hovyo, na kila ukikatika databesi inadondoka katikati ya sentensi, ikiwaka tena inaanza kutafuta imeishia wapi. Nikapewa UPS moja nene, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika, nikaambiwa hakikisha seva mbili zinajizima zenyewe kwa adabu. Nikasema hiyo mbona ndogo. (Hiyo kauli ndo ilinilaani.)

Nikaweka NUT, programu ya kuichungulia UPS na kuzizima seva. Waya wa USB kutoka kwenye UPS unaingia seva ya kwanza peke yake, kwa hiyo hiyo ndo `primary`, inaisoma betri moja kwa moja. Ya pili, ile ya databesi, haina waya wowote na UPS zaidi ya ule wa kula moto, inamuulizia mwenzake kwa mtandao kila sekunde 5 hali ikoje. Kwenye `upsmon.conf` yake niliandika hivi:

```
MONITOR ups1@192.168.1.10 1 mlinzi siri secondary
```

Mpango ulikuwa mtamu. Umeme ukikatika hakuna anayejizima hapo hapo, tunakula betri kwanza, labda utarudi. Betri ikikaribia kuisha seva ya kwanza inatangaza `FSD`, yaani jamani tunaondoka, ya databesi inafunga mafaili yake na kujizima, wa kwanza anamsubiri mdogo wake atoke ndo na yeye anajizima, na pumzi ya mwisho kabisa anaiagiza UPS ikate moto kwenye soketi zake zote, ili umeme ukirudi UPS iwashe na seva ziamke bila mtu kuja kubonyeza kitu.

Nikajaribu. Nikachomoa plagi ya UPS ukutani, nikakaa chini naangalia:

```
upsc ups1@192.168.1.10 ups.status
```

Ikatoka `OL`, yaani umeme wa ukutani upo, ikawa `OB`, yaani tunakula betri, betri ikashuka weee, databesi ikajizima, ya kwanza ikafuata, UPS ikakata. Safi kama harusi. Nikarudia mara tatu, mara ya tatu nikamuita bosi aone. Akauliza, "Kwa hiyo ukikatika usiku tunalala?" Nikamwambia, "Bosi we lala hata viatu usivue."

Siku mbili baadaye ukakatika jengo zima. Mi niko kwenye kiti, simu mkononi inakula chaji, natabasamu. Nasubiri imeli ya kuniambia tuko kwenye betri. Imeli haiji. Nikajisemea ah, inachelewa tu. Dakika kama ishirini hivi nikasikia feni za seva ya kwanza zinashuka taratibu, kama mstaarabu anavyoaga. Za databesi zinavuma tu, haina habari kabisa! Halafu tak. UPS ikakata. Databesi ikafia kazini, kalamu mkononi.

Umeme uliporudi nikaingia kwenye logi ya databesi, nikakuta mstari wa dakika ile ile umeme ulipokatika:

```
Communications with UPS ups1@192.168.1.10 lost
```

Hata `on battery` haipo. Nikageuka taratibu nikaangalia swichi ya mtandao. Imechomekwa ukutani. Ukutani jamani!! Umeme ulipokatika swichi ilikufa sekunde ile ile, na databesi kumbukumbu yake ya mwisho ilikuwa `OL`, mambo shwari. NUT ingesikia hata mara moja tu kwamba tuko `OB` halafu mawasiliano yakapotea, ingehesabu UPS imekufa na kujizima yenyewe. Haikuwahi kusikia. Mkubwa akatangaza kuondoka kwenye waya uliokufa, akaona hakuna mtu wa kusubiriwa, akaenda zake na kuagiza moto ukatwe. Imeli yangu nayo ilikuwa inapita swichi hiyo hiyo.

Na yale majaribio matatu? Nilikuwa nachomoa UPS tu, ukuta bado una umeme, swichi inakula raha, lazima yafaulu. Ningeshusha swichi kuu ya chumba ningeaibika peke yangu mapema.

Bosi akaja, akaniuliza swali moja tu, "Kwa nini hii haiko kwenye UPS?"

Nafasi zilijaa bosi.

"Zimejaa nini?"

Akafuata nyaya kwa kidole, moja seva, ya pili seva, ya tatu skrini, ya nne ikampeleka taratibu mpaka mezani kwangu, kwenye simu yangu. Ilikuwa asilimia 100.

Swichi sasa iko kwenye UPS, na jaribio nililofanya wiki hiyo nilishusha umeme wa chumba kizima, databesi ikajizima vizuri na imeli ikaja. Sikuisoma kwa wakati lakini, simu ilikuwa imezima chaji.