Kizingiti cha 0.3 hakimfai kila mtu

Mfumo wa benki wa kuelekeza ujumbe wa wateja una makundi matatu: kuzuia kadi, kuomba kadi mpya na kuuliza salio. Mtu anaandika "sawa basi". Alama za uhakika wa mfumo kwa kila kundi zinatoka 0.38, 0.34 na 0.28, na ujumbe unakwenda kwa wanaozuia kadi. Hesabu haina kosa: alama hugawanywa ili jumla iwe 1, hivyo lazima kundi moja liongoze hata kama ujumbe hauhusu lolote.

Ndiyo maana huwekwa kizingiti. Alama ya juu isipokifikia, ujumbe huandikwa "hakuna kusudio". Katika Rasa, programu ya kujengea mifumo ya mazungumzo, huwekwa hivi:

```yaml
- name: FallbackClassifier
  threshold: 0.3
  ambiguity_threshold: 0.1
```

Kwa makundi matatu, hiyo 0.3 ni pambo tu, kwani alama ya juu haiwezi kushuka chini ya 0.33. Kwa makundi 150, ambako mgawo sawa haufiki 0.007, namba hiyohiyo yaweza kuwa kali mno. "Sawa basi" ingenaswa na mstari wa mwisho, unaodai alama mbili za juu zipishane kwa angalau 0.1. Lakini mstari huo unanasa pia "kadi yangu" yenye 0.48 na 0.45, na huyu ana shida ya kweli. Anastahili kuulizwa: unataka kuizuia au kupata nyingine? Kumwambia hakueleweka ni kumpotezea muda.

Hapo wanaopinga vizingiti vikali wana hoja. Watu huandika kwa mkato, na kila ujumbe halali unaokataliwa hurudi ukiwa umeandikwa upya, au huangukia foleni ya wahudumu. Ila kupeleka pasipo mahali pake nako kuna gharama, na gharama hizo mbili ndizo zinazopaswa kuzaa namba. Tuseme kosa la kuelekeza linakula dakika 5 na kuuliza upya dakika 1. Kupeleka kunafaa pale tu uwezekano wa kukosea ukizidishwa kwa 5 haufiki 1, yaani uhakika uwe zaidi ya 0.8. Kosa likigharimu dakika 2, 0.5 inatosha.

Hesabu hiyo inasimama ikiwa 0.8 ya mfumo ni 0.8 kweli. Chukua ujumbe ambao mfumo haukufunzwa nao, tenga uliopata kati ya 0.75 na 0.85, uhesabu uliopelekwa sawasawa. Ikiwa ni 60 kati ya 100, mfumo unajisifu, na kizingiti kipandishwe. Rudia kipimo kila mfumo unapofunzwa upya, maana alama huhama.

Kuna ujumbe ambao kizingiti hakiuoni kabisa. "Nimepoteza kadi ya maktaba" waweza kupata 0.93 kwenye kuzuia kadi, kwa kuwa maneno yake yanafanana na ya kundi hilo. Huo unahitaji mifano ya kundi la "hakuna kusudio" yenye maneno hayohayo ya kadi, wala si salamu na porojo tu.