Elfu tano ya uvumilivu

Jumamosi tulikuwa jamvini Chikongola, hapa Mtwara, kwenye hitima, pilau limeshaliwa, watu wanasubiri kahawa. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akaanza wimbo wake: vijana wa siku hizi wanataka posho kabla ya ufundi. "Sisi tulijifunza kwa kofi," akasema, "na hatukudai hata nauli." Jamvi zima likaitikia kama dua. Mimi nikanyamaza, maana hitimani hapabishiwi. Sasa niko nyumbani, naweza kubisha.

Kilichonichoma si mzee. Ni kwamba siku mbili kabla ya hapo mpwa wangu alinigongea mlango saa saba usiku, macho yamevimba, machozi yanamchuruzika, anasema anahisi kama amemwagiwa mchanga. Wanaojua kuchomelea wameshaelewa. Mchana ulipita salama, maumivu yakaja usiku. Mwanga wa rodi hauumi pale pale. Unaunguza ngozi ya juu ya jicho kama jua linavyounguza mgongo wa mvuvi, na unakusubiri ulale ndipo ukuamshe. Mama yake alishampa vipande vya kiazi aweke kwenye kope. Nikamuuliza alikuwa amevaa nini. Akatoa mfukoni miwani ya jua, zile za kuuzwa stendi.

"Mjomba, maski ipo moja, anavaa fundi."

Huku kwetu kijana akiharibikiwa, anayeulizwa ni mjomba. Basi asubuhi yake nikachukua daftari. Kazi yangu ni kuwaandikia hesabu wafanyabiashara wadogo hapa mjini, na nina ugonjwa wa kutoamini jambo mpaka niliweke kwenye safu mbili.

Kijana anajifunza kwenye karakana ya milango na magrili, huu ni mwezi wake wa sita. Makubaliano, kama neno hilo linafaa kwa jambo lililosemwa kwa mdomo huku mtu anakata chuma, ni posho ya 5,000 kwa siku. Siku ni 26 kwa mwezi. Ukiisikia hivyo unapata 130,000, na mtu wa jamvini atakwambia mbona nyingi kwa mtoto asiyejua kitu.

Haya, tuishushe. Anakaa Naliendele. Nauli kwenda na kurudi ni 1,400. Chai na chapati asubuhi 1,000. Wali maharage wa mama lishe mchana 2,000, na hapo hajagusa samaki. Jumla 4,400 kila siku anayotoka nyumbani. Kwenye elfu tano inabaki 600, ambayo ni sabuni na vocha.

Lakini kuna kipengele hakusema mpaka nilipomkaba. Posho hulipwa siku yenye kazi. Umeme ukikatika hakuna kazi, na kwenye mikoa hii yenye gesi chini ya miguu yetu sina haja ya kueleza umeme unavyokatika. Mwezi uliopita siku nne zilienda hivyo. Alifika, alingoja, alikula, alirudi, hakulipwa. Kwa hiyo alilipwa siku 22, yaani 110,000, na alitumia kwa siku 26, yaani 114,400. Kijana alimaliza mwezi akiwa na deni la 4,400, na deni hilo lilizibwa na mama yake anayeuza mihogo. Mama muuza mihogo anafadhili karakana ya magrili. Mzee wetu wa jamvini anaita hili uvumilivu.

Ndiyo maana nasema ukitaka kujua posho ni ya haki, usianze na kiasi. Uliza inalipwa kwa siku ya kufika au kwa siku ya kazi. Hatari ya umeme, ya mvua, ya mteja aliyechelewa kuleta fedha, ni ya mwenye karakana, kwa sababu faida nayo ni ya mwenye karakana. Mwanafunzi hana mgawo kwenye siku nzuri, kwa nini awe na mgawo kwenye siku mbaya?

Maski na glavu hazimo kwenye mjadala wa posho kabisa. Ni gharama ya kuwasha mashine, sawa na rodi. Hapo sina subira na mtu.

Sasa nije kwenye kinachonitoa jasho, maana wengi wetu tunakosea hapa, pamoja na wanaowatetea vijana. Tunasema posho ni ndogo, tunaishia hapo. Ndogo ukilinganisha na nini? Kuna kipimo kiko wazi pale pale karakanani, na hakihitaji digrii: saidia fundi. Yule anayeshika chuma, anayepiga grinda, anayepaka rangi ya kuzuia kutu, anayebeba lango mpaka kwenye guta. Kwenye karakana hiyo hiyo saidia fundi anachukua 10,000 kwa siku. Haambiwi anajifunza. Anafanya, anapewa, anaondoka.

Mpwa wangu tangu mwezi wake wa nne anafanya kazi ya saidia fundi yote. Anapewa nusu. Nusu ya pili, 5,000, imekwenda wapi? Imekwenda kuwa ada. Hakuna aliyeitamka, hakuna risiti, lakini kijana analipa ada ya 5,000 kila siku kwa kuacha kupokea. Kwa siku 26 ni 130,000.

Sasa kumbukeni ada ya VETA, kozi ndefu, chuo cha serikali: 60,000 kwa mwaka ukiwa wa kutwa, 120,000 ukiwa wa bweni. Najua kuna sare na vifaa na michango, na najua serikali inabeba sehemu kubwa. Hata hivyo mpwa wangu anailipa karakana ya mtaani, kwa mwezi mmoja usiokatika umeme, zaidi ya ada ya bweni ya mwaka mzima.

Na mimi sipingi ada. Ufundi mzuri una thamani, na fundi huyu ana mkono, mshono wake hauhitaji kufunikwa na rangi. Swali ni kama kwa hizo 130,000 kijana anafundishwa. Nikamuuliza: mwezi huu umejua nini ambacho mwezi jana hukukijua? Akafikiri sana. Mwezi wa kwanza alijifunza kupima na kukata. Wa pili, kushikiza fremu kwa nukta nne na kupima pembe kwa kamba kabla ya kushona moja kwa moja, maana ukishona upande mmoja wote kwanza, joto linavuta chuma na grili linakuja limepinda. Wa tatu, kupunguza na kuongeza moto wa mashine kwa unene wa chuma. Wa nne hadi wa sita? Grinda. Hajafundishwa kuchomelea chuma kilichosimama, ambako uji wa chuma unamiminika chini, wala kusoma mchoro, wala kumkadiria mteja bei.

Hapo ndipo haki ilipovunjika. Miezi mitatu ya kwanza elfu tano ilikuwa sawa, naweza hata kusema fundi alikuwa na huruma. Baada ya hapo mafunzo yalisimama, kazi ikaendelea, na posho ikabaki pale pale.

Maana lazima niseme, shingo upande, kwamba mwenye karakana naye ana hesabu zake. Mwanafunzi mpya ni hasara. Anagandisha rodi kwenye chuma, anatoboa bomba jembamba kwa moto mkali, anakata fremu fupi kwa sentimita mbili na bomba zima linageuka mabaki. Kila dakika fundi anapoinama kumwelekeza, lango la mteja limelala. Wateja wenyewe tunawajua: "nitamalizia korosho zikiuzwa." Akishaiva, kijana anafungua karakana yake hatua hamsini mbele na kushusha bei. Sikatai. Ndiyo maana sidai kijana alipwe kama fundi siku ya kwanza.

Ninachodai ni ngazi. Wajerumani wameiweka kwenye sheria. Tangu 2020 wana kima cha chini cha posho ya mwanagenzi, na ukiingia mwaka wa pili inapanda kwa asilimia 18 juu ya ile ya mwaka wa kwanza, wa tatu asilimia 35, wa nne asilimia 40. Sisemi tuige kiasi chao, chuma chetu na korosho zetu haviko huko. Naiga wazo tu: posho inapanda kwa sababu hasara inapungua. Kwa karakana ya Mtwara ngazi yaweza kuwa fupi. Mwanzo ni gharama halisi ya kufika na kula, kila siku anayofika. Akianza kubeba kazi ya saidia fundi, robo tatu ya hela ya saidia fundi, na ile robo ndiyo ada. Siku anapotoa grili zima peke yake, apate fungu kwa kila grili.

Wa vyuo vikuu wana yao, na aliyebahatika kupata mkopo hupangiwa 10,000 kwa siku ya kula na kulala. Nawatakia heri. Nashangaa tu kwamba taifa limeshakubali kijana anayesoma hawezi kuishi chini ya elfu kumi, halafu anayechomwa macho anaambiwa avumilie na tano.

Basi Jumatatu nikaenda karakanani na daftari langu. Fundi alinipa stuli, akasikiliza mpaka mwisho, akazisoma safu zote mbili kwa kidole. Hakukasirika. Alisema yeye alidhani nauli ya Naliendele bado ni ile ya zamani. Tukakubaliana 7,500 kwa siku ya kazi, 4,500 umeme ukikatika, na maski ya pili yenye kioo namba 11 kabla ya wiki kuisha. Akaandika kwa chaki ya kupimia chuma nyuma ya kalenda, nikapiga picha.

Naaga, ananishika mkono, hauachii.

"Mjomba, na yule binti anayekuandikia risiti pale ofisini kwako, huyo unampa shilingi ngapi?"

Nikamwambia yule yuko fildi.