Mauzo Yakichelewa, Hesabu Wanaolitafuta Jina Lako

Kampeni nyingi za kuitangaza chapa huuawa na swali linaloulizwa mapema mno: tumeuza ngapi? Chukua kampuni inayouza programu ya uhasibu kwa biashara za ukubwa wa kati. Mnunuzi wake habadilishi programu kila mwezi. Husubiri mwaka wa fedha uishe, au mkataba wa zamani ukaribie ukomo, ndipo aanze kuulizia. Kampeni ya video ikianza miezi minane kabla ya hapo, ripoti ya mauzo ya wiki ya sita haiwezi kusema lolote la maana juu yake. Wengi walioliona tangazo hawanunui sasa, hata kama limewaingia akilini.

Kwa hiyo tunatafuta dalili za mapema. Mbili zinazotumika sana ni hizi: hojaji ya kupima ongezeko la utambuzi wa chapa, na idadi ya watu wanaoliandika jina la chapa kwenye mtambo wa kutafuta. Nazitumia zote mbili na nazitetea zote mbili, lakini kwa sharti moja ambalo silegezi. Kila moja lazima ilinganishwe na watu ambao tangazo halikuwafikia. Bila ulinganisho huo, namba inayopanda haijatuambia nani kaipandisha.

Tuanze na hojaji. Ikifanywa ipasavyo, kama inavyofanyika YouTube, mfumo hugawa walengwa kwa bahati nasibu kabla ya lolote kutokea. Wengine huonyeshwa tangazo, na wengine huzuiwa wasilione ingawa wana sifa zilezile. Kisha makundi yote mawili huulizwa swali fupi: ni zipi kati ya chapa hizi umewahi kuzisikia? Tofauti ya majibu ndiyo ongezeko.

Tuseme kampuni yetu imepata majibu 2,000 kila upande. Kwa wasioonyeshwa, asilimia 20 wanaijua chapa. Kwa walioonyeshwa, asilimia 23. Ongezeko ni pointi 3 za asilimia. Ukipiga hesabu ya makosa ya sampuli kwa uhakika wa asilimia 95, ukweli uko mahali fulani kati ya nusu pointi na pointi tano na nusu. Ni ongezeko halisi, ila ukubwa wake haujulikani vizuri. Majibu yangekuwa 500 tu kila upande, pointi zilezile 3 zingekuwa na makosa ya takriban pointi 5 juu na chini, na hapo huwezi kuapa kwamba kuna kilichobadilika. Ripoti ikikuletea asilimia ya ongezeko bila idadi ya waliojibu, irudishe.

Kuna mtego mwingine wenye kuvutia zaidi. Ripoti hiyohiyo inaweza kusema chapa imepanda kwa asilimia 15, maana kutoka 20 hadi 23 ni nyongeza ya asilimia 15 juu ya ulipoanzia. Si uongo, lakini anayeisikia hudhani kati ya kila watu 100 walioona tangazo, 15 wapya wanatujua. Ni 3. Mimi huomba pointi kwanza, mengine baadaye.

Udhaifu mkubwa wa hojaji ni kwamba inauliza muda mfupi baada ya tangazo. Mtu kukumbuka jina siku iliyofuata ni jambo dogo kuliko kulikumbuka mkataba wake utakapokwisha. Pia kulitambua jina lililo mbele yako kwenye orodha ni rahisi kuliko kulitoa kichwani mwenyewe. Hapo ndipo utafutaji unapokuwa na nguvu, kwa sababu aliyeandika jina lako hakuulizwa na mtu.

Lakini namba ya utafutaji ni chafu kuliko watu wanavyodhani. Kwa programu ya uhasibu, sehemu kubwa ya wanaoliandika jina ni wateja waliokwisha kununua, wanaotafuta ukurasa wa kuingilia. Wengine wanatafuta ajira, wengine namba ya huduma kwa wateja. Kadiri wateja wanavyoongezeka, utafutaji huu hukua wenyewe, hata kama hakuna tangazo. Kwa hiyo safisha kwanza. Kwenye Google Search Console, zana inayoonyesha maneno ambayo watu waliyaandika Google na tovuti yako ikajitokeza, weka kichujio cha regex, uchague Doesn't match regex, ili kuondoa maneno yanayolingana na muundo huu:

```
login|ingia|password|nenosiri|ajira|kazi|huduma kwa wateja
```

Kinachobaki ndicho cha kutazama, na ongeza makosa ya tahajia ya jina lako, kwani aliyelisikia kwenye video hajaliona likiandikwa vizuri. Kama jina lenyewe ni neno la kawaida la lugha, kazi ni ngumu zaidi. Utalazimika kuhesabu tu pale linapoambatana na neno la bidhaa, kama uhasibu au ankara.

Sasa ulinganisho. Search Console hugawa takwimu kwa nchi, haishuki hadi mikoa, na Google Trends hutoa kipimo cha 0 hadi 100 badala ya idadi ya utafutaji. Kama kampuni tayari inalipia matangazo ya utafutaji kwa jina lake, njia ninayoipenda ni kutazama mara ambazo tangazo hilo limeonyeshwa kwa kila mkoa, mradi bajeti yake haiishi katikati ya siku na maneno ya kuingia yamezuiwa humo pia.

Kampuni yetu iliweka video katika mikoa kadhaa na kuiacha mingine bila video. Wiki nane kabla, mikoa ya video ilikuwa na wastani wa utafutaji 1,000 kwa wiki, na mingine 800. Wakati wa kampeni, ya kwanza ikafika 1,300 na ya pili 880. Mwenye haraka atatangaza ongezeko la asilimia 30. Lakini mikoa isiyoona video nayo ilipanda kwa asilimia 10, pengine kwa sababu msimu wa kufunga hesabu ulikuwa unakaribia. Bila video, mikoa ya kwanza ingefika kama 1,100. Mchango wa video ni utafutaji 200 kwa wiki, yaani takriban asilimia 18. Ndiyo namba ninayoweza kuisimamia mbele ya mkurugenzi wa fedha.

Dalili hizi mbili zisipokubaliana, usichague inayokupendeza. Hojaji ikipanda kwa uwazi na utafutaji ukabaki palepale, kwanza nashuku tangazo lenyewe: watu wamelijua jina lakini hawakupewa sababu ya kulifuatilia, au jina ni gumu kuandika. Utafutaji ukipanda na hojaji ikalala, angalia idadi ya waliojibu, kisha angalia kama walioulizwa ndio wanunuzi wako. Mara nyingi walengwa wa video ni wapana mno, na wahasibu wachache waliomo humo wanazama katika wastani.

Jambo moja nalisisitiza kila ninapopata nafasi: usiliandikie tangazo la utafutaji la jina lako sifa ya mauzo yatakayokuja. Aliyeona video, akaliandika jina baada ya miezi mitano, akabofya tangazo la juu na kununua, ataandikwa kwenye ripoti kama zao la ule mbofyo wa mwisho. Bajeti ya video itakatwa kwa ushahidi huo, na baada ya muda utafutaji wa jina nao utapungua bila mtu kuelewa kwa nini. Dawa yake ni kuendelea kuweka mikoa ile katika makundi yaleyale hata kampeni ikiisha, na kuhesabu maombi ya maonyesho ya programu na mikataba mipya kwa kila kundi hadi mwaka wa fedha upite. Mikoa ya video ikizidi mingine kwenye mikataba pia, utajua ni miezi mingapi hupita kati ya jina kutafutwa na mkataba kusainiwa, na kampeni ijayo utaipangia tarehe ya kuulizwa kuhusu mauzo kabla haijaanza.