Wa si alama ya kiima

Vitabu vingi vya Kijapani vya wanaoanza hufungua na sentensi ya aina hii: Watashi wa gakusei desu, yaani mimi ni mwanafunzi. Msomaji anaona wa imelifuata neno "mimi", basi anajiambia kwamba hiyo ndiyo alama ya kiima. Kwa maoni yangu huo ni mwanzo mbaya. Ningekuwa mwalimu, ningeanza na alama nyingine, ga.

Ga ndiyo yenye kazi ya kiima. Wa inatangaza mada, yaani kile tunachotaka kukizungumzia, na mada si lazima iwe mtenda. Hon wa yomimashita: hon ni kitabu, na kitabu hakisomi. Sisi tungesema "Kitabu nimekisoma". Kitabu kinatangulia, msomaji anabaki ndani ya kitenzi kwenye ni-. Mjapani hata hiyo ni- hana, anategemea muktadha tu.

Wa na ga hukaa pia katika sentensi moja. Zō wa hana ga nagai: tembo, mkonga wake mrefu. Tembo ndiye anayezungumziwa, lakini kilicho kirefu ni mkonga.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni hiki. Chichi ni baba, kaeru ni kurudi, to ni kama -po- ya "aliporudi", terebi o keshita ni kuzima televisheni, kwa wakati uliopita.

Chichi ga kaeru to, terebi o keshita.

Chichi wa kaeru to, terebi o keshita.

Katika ya kwanza baba aliporudi, mtu mwingine alizima televisheni, pengine mimi niliyetakiwa kuwa nasoma. Katika ya pili baba mwenyewe alirudi akaizima. Silabi moja tu imebadilika, na aliyezima si yuleyule! Sababu ni kwamba nguvu ya ga huishia kwenye kishazi chake kidogo, hapo kwenye kaeru to, ilhali wa huvuka kishazi hicho na kufika hadi kitenzi cha mwisho. Anayeamini wa ni kiima atazisoma zote mbili sawa, na hatajua kilichompotea.

Kwenye maswali nako tofauti inasikika. Huulizwi Dare wa kimashita ka, maana "nani" hajulikani bado, hawezi kuwa mada. Unaulizwa Dare ga kimashita ka, na jibu linafuata ga ileile: Tanaka-san ga kimashita. Kwa Kiswahili hiyo ni "Aliyekuja ni Tanaka". Ukijibu Tanaka-san wa kimashita, msikilizaji atahisi umemtenga Tanaka na wenzake: Tanaka yeye amekuja, hao wengine sasa... Na huenda akakuuliza kuhusu hao wengine, wakati wewe ulitaka kutaja jina tu.