Oili Iliyovuka Ukuta: Nani Alipe?

"Sikufanya uzembe wowote, na tanki nilijengewa na fundi anayeijua kazi yake. Kwa nini nilipe mimi?"

Hivyo ndivyo anavyoweza kuuliza mwenye gereji ambaye oili ya tanki lake imevuja hadi kisima cha jirani. Analipa kwa sababu sheria hapa haianzi na uzembe. Inaanza na swali la nani aliyekileta kitu cha hatari kwenye eneo lake, kisha kikatoka. Msingi wake ni shauri la Rylands dhidi ya Fletcher, lililoamuliwa Uingereza mwaka 1868. Rylands alichimbisha bwawa kwa ajili ya kinu chake, mafundi wakakuta mashimo ya mgodi wa zamani wasiyazibe ipasavyo, na maji yakapita humo hadi yakaujaza mgodi wa makaa ya mawe wa Fletcher. Yeye mwenyewe hakuwa mzembe, lakini aliwajibika. Tanzania ilipokea sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na kanuni hii ikaja nayo.

Tuchukue mfano wa gereji ya Buguruni yenye tanki la oili chafu lililochimbiwa nyuma ya ukuta. Masika yanaingia, tanki linapata ufa, na siku chache baadaye mama wa jirani anayeuza maji kwa ndoo anaona utando unaong'aa juu ya maji ya kisima chake. Huyu mama hahitaji kuthibitisha kilichoharibika ndani ya ukuta asioweza kuuvuka. Anatakiwa kuonyesha kwamba oili ilikusanywa pale, kwamba ni kitu cha hatari kikitoka, kwamba matumizi hayo si ya kawaida ya eneo, na kwamba imetoka ikamharibia mali. Kutoka ni sharti: mteja akiteleza juu ya oili hiyo hiyo ndani ya gereji, kanuni haimsaidii, itambidi athibitishe uzembe.

Hoja ya mwenye gereji si ya kupuuzwa. Anabebeshwa hasara ya ufa ambao hakuuona, pengine bila bima, na neno "kawaida" halina mpaka ulio wazi katika mji ambao gereji na nyumba hupakana. Australia iliona uzito huo, na mwaka 1994 mahakama yake kuu ikaiingiza kanuni hii ndani ya sheria ya uzembe. Hata hivyo, naona upande wa mama una nguvu zaidi, kwani faida ya tanki ilikuwa ya gereji peke yake. Kudra ya Mungu ni utetezi unaokubalika, ila mvua ya masika, inayorudi kila mwaka, ni vigumu kuiita hivyo.

Uingereza yenyewe iliweka kizuizi mwaka 1993, pale kiwanda cha ngozi kilipoachiliwa ingawa kemikali zake zilifika kwenye kisima cha kampuni ya maji, kwa kuwa wakati zikimwagika hakuna aliyeweza kutazamia madhara ya aina hiyo. Majaji wetu wanaweza kushawishika na uamuzi huo, lakini hautamwokoa mwenye gereji, kwa sababu hakuna fundi asiyejua kwamba oili chafu ikifika kisimani, maji hayo hayanyweki tena.